Waya wa Shemeji: Kwao Unachaji, Kwangu Unasuasua

Saa tatu usiku, simu iko asilimia ishirini na kitu. Nimeichomeka kwa waya mweupe mrefu ambao shemeji aliusahau kwangu Jumapili, nikaweka kwenye meza na kuangalia skrini: itajaa baada ya masaa matano na dakika kadhaa. Nikachomoa, nikachukua waya wangu mweusi mfupi, nikachomeka kwenye kichwa cha chaji kilekile, tundu lilelile la ukutani, simu ileile. Nikasubiri dakika mbili namba zitulie. Masaa mawili na nusu.

Nikampigia mwenye waya.

"Shemeji, huu waya wako una nini?"

Akacheka. "Huo waya kwangu unajaza simu kabla sijamaliza kula. Angalia kichwa chako, shemeji."

Kwa namna ya kawaida ya kufikiri, hapo mmoja wetu anadanganya. Kichwa ni kimoja, nimebadilisha waya tu, mambo yamebadilika. Basi tatizo ni waya. Lakini yeye naye ana ushahidi wake: waya ni huohuo, amebadilisha kichwa tu, mambo ni safi. Basi tatizo ni kichwa.

Jambo hili lilinikaa kichwani wiki kadhaa, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

## Jaribio ambalo kila mtu hulifanya

Mpelekee fundi yeyote simu inayochaji polepole, cha kwanza atafanya atachukua waya mwingine. Ni jaribio zuri na silidharau. Likifanywa vizuri linaokoa pesa nyingi, maana watu hununua betri mpya kwa kosa la waya wa elfu tatu.

Ila lina masharti ambayo hatuyafuati. Simu ikishapita asilimia 80 hivi hupunguza yenyewe kasi ya kupokea chaji ili kulinda betri, waya uwe wa dhahabu au wa kamba. Ukijaribu waya wa kwanza simu iko asilimia 30 na wa pili iko asilimia 85, wa pili umeshahukumiwa kabla ya kesi. Simu ikiwa ya moto nayo hupunguza. Ukiwa unaangalia video huku unachaji, sehemu ya umeme inaishia kwenye skrini. Kwa hiyo linganisha chini ya nusu, skrini imezimwa, simu imepoa, na acha kila waya dakika mbili tatu kabla ya kusoma chochote.

Hayo yote nilikuwa nimeyatimiza. Mweupe ulikuwa bado unasuasua.

Na kwa wale watakaosema umeme wa mtaani kwetu ni mdogo: geuza kichwa cha chaji usome maandishi madogo. Mbele ya neno INPUT utakuta 100-240V. Kichwa kizima kinakula umeme wowote katikati ya hapo na kutoa volti 5 zilezile. Taa zinaweza kufifia, feni ikazunguka kivivu, simu ikaendelea kuchaji kama kawaida.

## Volti zinapotelea njiani

Ndani ya waya wa chaji kuna nyaya mbili za kubeba umeme, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na mara nyingi nyingine mbili nyembamba za data. Za umeme ni shaba, na shaba ina ukinzani. Ikiwa nyembamba ukinzani unazidi, ikiwa ndefu unazidi pia. Umeme ukipita humo, sehemu ya volti inabaki njiani na kugeuka joto. Kinachopotea kinategemea vitu viwili tu: ukinzani wa waya na ampea zinazopita. Unazidisha kimoja kwa kingine, unapata volti zilizopotea.

Sasa fikiria waya wa mita mbili wenye ukinzani wa nusu omu, kwenda na kurudi. Simu ikitaka ampea 2, volti 1 nzima inapotea. Kichwa kimetoa 5, simu imepokea 4.

Hapo ndipo simu yenyewe inapoingilia, na hii ndiyo sehemu ambayo wengi hawaijui. Ndani ya simu kuna chipu ya kuchaji inayolinda volti zinazoingia. Ikiona zinashuka hadi kiwango fulani, kwa simu nyingi ni karibu na 4.5, inaacha kuvuta zaidi. Inalegeza ampea hadi volti zisimame hapo. Hailalamiki, haioneshi alama nyekundu, haikatai kuchaji. Inavuta kidogo tu, na wewe unaona masaa matano.

Kwa hiyo waya mwembamba hauzuii chaji. Unaifanya simu ijizuie.

## Pande mbili za waya mmoja

Rafiki yangu anayetengeneza simu ana vipima viwili vidogo vya USB, vile vyenye skrini ya ukubwa wa kucha vinavyoonesha volti na ampea. Kimoja kinakaa mdomoni mwa kichwa, waya unachomekwa juu yake. Kingine ni cha taipu C, kinakaa mwisho wa waya, kati yake na simu. Watu wengi wanaomiliki kipima wana kimoja tu, nao hukiweka upande wa kichwa kwa sababu ndiko kinakoingia kirahisi. Upande huo unakwambia habari za kichwa. Habari za waya ziko upande wa pili.

Akaniazima vyote.

Waya mweusi, kwenye kichwa changu kilichoandikwa 5V 2A: mdomoni mwa kichwa volti 5.08, kwenye simu 4.81, ampea 1.85. Zimepotea 0.27 njiani. Gawanya kwa 1.85, unapata ukinzani wa karibu omu 0.15. Waya mzuri wa kawaida.

Waya mweupe: mdomoni 5.11, kwenye simu 4.50, ampea 0.95.

Soma tena hiyo namba ya katikati. Volti 4.50 zimesimama kabisa, hazipandi wala hazishuki, wakati ampea zinachezacheza kidogo kuzizunguka. Hiyo ni simu inayojizuia. Na volti 0.61 zilizopotea, ukizigawa kwa 0.95, unapata omu 0.64. Zaidi ya mara nne ya mweusi.

Kichwa changu nacho kikasafishwa hapohapo. Kimetoa 5.08 kikiwa kinabeba karibu ampea 2, yaani karibu na mwisho wa uwezo wake. Kwa kanuni za USB, mdomoni hapatakiwi kushuka chini ya 4.75. Kipo juu sana ya hapo.

Basi shemeji ameshindwa kesi. Ndivyo nilivyodhani kwa siku chache.

## Nyumbani kwa shemeji

Nikaenda kwake Mbagala na simu yangu, vipima mfukoni na waya mweupe. Sikutaka kubishana naye kwa simu yake, nilitaka kubadilisha kitu kimoja tu: kichwa.

Nikachomeka. Skrini ikaandika kwamba inachaji kwa haraka. Shemeji akaniangalia bila kusema neno, akaenda kuniletea chai.

Mdomoni mwa kichwa chake kipima kiliandika volti 9.0. Si 5. Ampea 1.5. Upande wa simu volti 8.04.

Nilikaa na hizo namba muda mrefu kuliko chai ilivyoweza kuvumilia, maana humo ndimo jibu lote lilipo. Waya haujapona. Ukinzani wake ni uleule: umepoteza 0.96 kwa ampea 1.5, gawanya, omu 0.64 ileile niliyoipima kwangu. Kwa kweli hapa umepoteza volti nyingi kuliko kwangu. Tofauti ni kwamba kwenye 9 unaweza kupoteza karibu 1 ukabaki na 8, na simu haioni shida yoyote. Kwenye 5, simu ina nafasi ya nusu volti tu kabla ya kuanza kujizuia.

Kwa wati, ambazo ndizo zinazojaza betri: kwake simu ilipokea 8.04 mara 1.5, yaani wati 12. Kwangu kwa waya huohuo ilipokea 4.50 mara 0.95, wati 4 na kidogo. Karibu mara tatu, na waya haujabadilika hata nyuzi moja.

Kichwa chake ni cha wati 18, kina chaji ya haraka. Simu ikichomekwa, zinazungumza kwanza kupitia nyaya za data, zikielewana kichwa kinapandisha volti kutoka 5 hadi 9. Simu yangu inakubali mazungumzo hayo, ila kichwa changu hakiyajui.

Ndiyo maana sote tulisema kweli. Ubovu wa waya mweupe unaonekana kwenye volti 5 na kujificha kwenye 9. Anayeuliza "huu waya ni mzima au mbovu?" bila kutaja kichwa anauliza swali lisilokamilika.

Shemeji alifurahi kupita kiasi. Nikamwonesha kwamba waya wake unapoteza wati moja na nusu hewani kila anapochaji. Akasema wati moja na nusu hazimnyimi usingizi.

## Waya mbovu unaomficha kichwa mbovu

Baada ya hapo ningeweza kuacha. Lakini kwenye droo nilikuwa na kichwa cha zamani, nacho kimeandikwa 5V 2A, ambacho mke wangu hukitumia jikoni na hulalamika kwamba "kinachaji kwa kuchagua". Nikakiweka kwenye kipima.

Kwa waya mweupe: mdomoni mwa kichwa 4.84, kwenye simu 4.50, ampea 0.53.

Angalia namba ya mdomoni. 4.84 iko juu ya 4.75. Kichwa kinaonekana kizima, na lawama zote zinamwendea mweupe kwa sababu tayari tunajua tabia zake. Fundi mwenye haraka angekirudisha kichwa mezani na kuutupa waya.

Kwa waya mweusi: mdomoni 4.67, kwenye simu 4.51, ampea 1.1.

Waya mzuri umeleta habari mbaya. Kwa mweusi kichwa kilipewa kazi kama mara mbili, ampea 1.1, nusu na kidogo ya kilichoandikwa mgongoni mwake, na tayari kimeshuka chini ya kiwango. Waya mweupe ulikuwa unakilinda. Kwa kuwa simu haikuweza kuvuta zaidi ya 0.53 kupitia waya ule, kichwa hakikuwahi kutoa jasho, na kichwa kisichotoa jasho hakioneshi ubovu.

Hapa ndipo nilipobadilisha utaratibu wangu. Kichwa hakipimwi kwa waya unaoutilia shaka. Unakipima kwa waya mfupi mnene uliokwisha kuthibitika, kwenye simu yenye njaa, na kipima kikiwa mdomoni. Volti zikisimama karibu na 5 wakati ampea zinakaribia zilizoandikwa, kichwa hakina kosa. Zikiporomoka, ni chenyewe. Ukishakisafisha kichwa ndipo unachomeka waya wenye shaka, na sasa kila kitakachopungua ni cha waya.

Mtu asiye na kipima bado anaweza kufika karibu na hapo kwa kutumia vichwa viwili na waya mbili, akijaribu michanganyiko yote minne na kuandika muda ambao simu inakadiria. Waya mmoja ukiwa polepole kwenye vichwa vyote viwili, ni waya. Kichwa kimoja kikiwa polepole kwa waya zote, ni kichwa. Mchanganyiko mmoja tu ukigoma kati ya minne, umekutana na kisa changu na cha shemeji: vitu viwili ambavyo kila kimoja kinavumilika peke yake. Ila hakikisha unajua kama kichwa kimoja kina chaji ya haraka na kingine hakina, vinginevyo utalinganisha embe na ndizi.

## Volti ziko, ampea zimegoma

Kuna waya mwingine mwekundu, mnene, mfupi, uliokuja na taa ya sola. Ukiushika unasema huu ndio waya. Simu kwake inakadiria masaa zaidi ya manane.

Kipima: mdomoni 5.14, kwenye simu 5.05, ampea 0.47.

Volti hazijapotea karibu chochote. Shaba ipo ya kutosha. Simu ina volti nzuri kabisa mlangoni na bado inavuta nusu ampea, hata nibadilishe kichwa.

Huu ni ugonjwa tofauti, na dawa yake ni tofauti. Waya huu hauna nyaya za data. Taa haizihitaji, kwa hiyo mtengenezaji hakuziweka. Lakini simu huzitumia kuuliza imechomekwa wapi. Vichwa vya kawaida vya ukutani huziunganisha nyaya hizo mbili pamoja ndani yake, na simu ikigundua zimeungana inajua iko ukutani, inajiruhusu kuvuta ampea 1.5 au zaidi. Isipopata jibu, simu nyingi hujifanya zimechomekwa kwenye tundu la kompyuta ya zamani ambalo halitakiwi kukamuliwa zaidi ya 0.5. Baadhi ya simu huandika jambo hili wazi kwenye taarifa za betri: kwa waya mzima utasoma AC, kwa waya wa namna hii utasoma USB, ingawa zote ziko kwenye kichwa kilekile.

Waya wa simu ukikatika nyaya za data karibu na shingo, mahali tunapoukunja kila usiku, nao unapata ugonjwa huuhuu. Jana ulikuwa na chaji ya haraka, leo hauna, na volti ziko sawa.

Huhitaji kipima kwa jaribio hili. Chomeka simu kwenye laptopu kwa waya huo. Ikiwa laptopu haioni simu kabisa, wala simu haiulizi kama unataka kuhamisha mafaili, wakati waya mwingine unafanya hivyo palepale, nyaya za data hazipo au zimekatika.

Nyaya za taipu C pande zote mbili zina mazungumzo yake kupitia uzi mwingine, kwa hiyo jaribio la laptopu haliwezi kuzisafisha kikamilifu. Na zipo kampuni ambazo chaji yao ya haraka sana inadai waya wao maalumu. Waya mwingine mzima kabisa utachaji kwa mwendo wa kawaida tu, na hapo hakuna kilichoharibika.

## Na tundu lenyewe

Kabla hujamhukumu yeyote, tazama tundu la simu kwa tochi. Vumbi la mfukoni hujishindilia chini, likafanya ncha isifike mwisho. Ncha za waya hazilingani urefu kwa uhakika, kwa hiyo mmoja utashika na mwingine utaning'inia, na utaapa kwamba tatizo ni waya. Dalili yake ni kwamba namba zinarukaruka ukigusa waya, na ncha inapata moto mahali pamoja. Waya mwembamba hupata joto kidogo lililotawanyika mita mbili nzima, hulihisi. Mguso mbaya unakusanya joto lote kwenye milimita chache. Zima simu, chokoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie sindano.

## Kununua mwingine

Kichwa cha jikoni nimekitoa kazini. Mweupe umerudi Mbagala kwa mwenyewe, ambako una maisha mazuri. Mwekundu umebaki na taa yake.

Nilikwenda Kariakoo kutafuta waya wa mita mbili utakaofaa kwenye volti 5. Baadhi ya nyaya huandikwa ubavuni, herufi ndogo sana, kitu kama 28AWG/1P+24AWG/2C. Sehemu ya kwanza ni za data, ya pili ndizo za umeme, na namba ikiwa ndogo shaba ni nene. Mita mbili za 24 kwenda na kurudi ni kama omu 0.34. Mita mbili za 28 ni omu 0.85, na hapo hujahesabu ncha. Maandishi nayo yanaweza kuchapwa na mtu yeyote, ndiyo maana nilibeba kichwa, pawabenki na vipima.

Muuzaji aliniangalia nikichomeka, akauliza, "Kaka, unanunua waya au unampima malaria?" Lakini aliniachia. Wa kwanza, mnene kwa nje, 4.52. Wa pili 4.50 kamili, simu inajizuia. Wa tatu ulikuwa mwembamba kuliko wote kwa macho, ganda gumu lisilo na mbwembwe: ampea 1.6, na kwenye simu 4.55. Nikamuuliza kama anao mfupi wa aina hiyohiyo. Akatoa wa mita moja, ukapitisha 1.9 na kuniachia 4.7. Nikamlipa huo wa mita moja, nikasogeza meza karibu na ukuta.